Wanawake wa Lamu Walioruka Hesabu

Jedwali la sensa ya Kenya ya mwaka 2019 halina makuu: kaunti 47, na kwa kila moja idadi ya wanaume, wanawake, huntha, kisha jumla. Nchi nzima ni watu 47,564,296. Mtafiti anayezitaka takwimu hizo hulitoa jedwali kwenye PDF kwa Tabula, au kwa Excel yenyewe, na baada ya sekunde chache namba zimejipanga vizuri. Hakuna onyo lililojitokeza, na ndiyo sababu ya kushuku.

PDF haijui jedwali ni nini. Kinachohifadhiwa humo ni herufi na tarakimu, pamoja na mahali pa kila moja kwenye ukurasa. Programu inayogeuza hupima nafasi tupu zilizo kati yake na kukisia safu inaishia wapi. Nafasi ikiwa finyu, namba za safu mbili huingia kisanduku kimoja.

Tuseme mkasa huo umeikumba Lamu, iliyohesabiwa wanawake 67,813 na huntha 4. Kisanduku sasa kinasomeka "67,813 4". Kwa Excel hayo ni maandishi, si namba, na SUM huyaruka bila kulalamika. Dawa ni kujumlisha upya safu ya wanawake, mstari wa jumla ukiachwa nje:

```
=SUM(C2:C48)
=COUNT(C2:C48)
```

Ya kwanza inatoa 23,946,903, ilhali jumla iliyochapwa ni 24,014,716. Ya pili inahesabu namba 46, na kaunti ni 47. Pengo ni 67,813 kamili. Namba hiyo ikitafutwa kwenye PDF, inaangukia Lamu moja kwa moja.

Nafasi ikimezwa kabisa, hali ni mbaya zaidi. Kisanduku kinakuwa 678,134, namba halali, na COUNT inaridhika na 47 zake. Lakini safu imezidi kwa 610,321, na hakuna kaunti yenye pengo hilo la kutafutwa. Hapo hujumlishwa kila mstari kwa upana: Lamu nzima ina watu 143,920, kwa hiyo haiwezi kuwa na wanawake laki sita.

Jumla, hata hivyo, haisomi majina. Majina ya kaunti yakisogea mstari mmoja, watu 1,208,333 wa Mombasa wataandikwa Kwale na kila hesabu itatoka sawasawa. Hilo linagunduliwa kwa macho tu: mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa wa PDF, na mingine michache ya katikati, ikilinganishwa jina kwa jina na namba kwa namba.

Majedwali yaliyokadiriwa, kama ya mabilioni ya shilingi, yanaweza kupishana kidogo na jumla yake hata kwenye nakala asili. Tofauti ya aina hiyo iachwe ilivyo, ila iandikwe pembeni ya faili ili atakayeipokea asiisahihishe.