Tarehe 03/05 ni ya Mwezi Gani?

Tuseme muuzaji wa kahawa wa Moshi amepokea mkataba kutoka kwa mnunuzi wa Seattle, Marekani. Siku ya mwisho ya kupakia mzigo melini imeandikwa 03/05/2026. Kwa mazoea ya Tanzania, Kenya au Uingereza, hiyo ni tarehe 3 Mei. Mmarekani aliyeiandika hutanguliza mwezi, kwa hiyo alikusudia tarehe 5 Machi. Muuzaji akipakia mwishoni mwa Aprili atajiona amewahi, kumbe amechelewa wiki saba.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba tarehe zote mbili zimo kwenye kalenda, hivyo hakuna kinachomshtua msomaji. Ingeandikwa 18/02, kila mtu angeelewa, maana hakuna mwezi wa 18. Utata umo katika siku 12 za kwanza za kila mwezi. Ukiondoa zile zenye namba zinazofanana, kama 04/04, zinabaki siku 132 kwa mwaka.

Kwa hiyo muuzaji wetu atafute katika mkataba huohuo tarehe yenye namba inayozidi 12. Akikuta ukaguzi wa kahawa umepangwa 02/18/2026, amepata fununu kwamba mwandishi hutanguliza mwezi. Ni fununu tu: mikataba mingi huungwa vipandevipande kutoka nyaraka za zamani. Aulize kwa maandishi, akitaja mwezi kwa jina lake.

Kompyuta nayo ina ujanja wake. Ukiandika 05/03/2026 katika Excel iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, itaichukua kuwa 3 Mei bila kukuuliza. Ukiandika 18/02/2026, itashindwa kuielewa na kuiacha kama maneno ya kawaida. Kama hujabadilisha mpangilio wa safu, tarehe halisi huegemea kulia na maneno huegemea kushoto. Ukiona safu moja imegawanyika hivyo, usisahihishe zile za kushoto pekee. Za kulia ndizo huenda zimeshageuzwa. Rudi kwenye faili la awali.

Katika barua na mikataba, andika mwezi kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne: 5 Machi 2026, au kwa lugha ya waraka wenyewe. Hata pasipoti ya Marekani huandika mwezi kwa herufi, ikitanguliza siku. Kubadili mkwaju kuwa nukta au kistari hakusaidii kitu, 03.05.2026 ina utata uleule.

Kwa majina ya mafaili na majedwali, tumia 2026-03-05, mpangilio wa kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 iliyotoka mwaka 1988. Mafaili yakipangwa kwa jina, yanajipanga pia kwa tarehe.

Fomu yenye visanduku ni habari nyingine. Hapo mtii mwenye fomu: MM ni mwezi, DD ni siku, YYYY ni mwaka, hata kama cheti chako cha kuzaliwa kimezipanga vingine.