Kwa Nini Mgonjwa wa TB Anayetumia ARV Huongezewa Kidonge cha Jioni

Wakazi kadhaa wa Asembo Bay wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi (ARV) hushangaa wanapogunduliwa kuwa na kifua kikuu. Wanarudi nyumbani na dawa za TB, na pia chupa ya pili ya ARV ambayo hawakuwa nayo awali. Wengine hudhani ni kosa la mfamasia na huiweka kando. Si kosa.

Dawa kuu ya TB ni rifampisini, ile inayogeuza mkojo na hata machozi kuwa na rangi ya chungwa. Rangi hiyo haina madhara, ila ni vyema kujua kuwa si damu. Kazi nyingine ya rifampisini haionekani kwa macho. Huchochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa. Ini halibagui: likishachochewa, huvunja haraka pia dawa ambazo hazihusiani na TB.

Mojawapo ni dolutegraviri, ambayo imo ndani ya kidonge cha TLD kinachomezwa na watu wazima wengi wanaoishi na virusi. Bila rifampisini, kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Rifampisini ikiwepo, kiwango cha dolutegraviri katika damu hupungua kwa zaidi ya nusu, na kuelekea saa ya dozi inayofuata huwa chini zaidi. Ndiyo maana mgonjwa huongezewa miligramu 50 za dolutegraviri pekee, saa 12 baada ya TLD. Chupa ya pili si TLD nyingine, na kumeza TLD mara mbili kwa siku ni kosa, kwani dawa nyingine zilizomo hazihitaji kuongezwa na tenofoviri iliyozidi yaweza kuumiza figo.

Waliotibiwa TB miaka ya nyuma huenda wakasema, "Mimi sikupewa kidonge cha jioni." Ni kweli. Wengi wao walikuwa wakitumia efavirenzi, ile iliyowaletea ndoto za ajabu, na dozi yake ya kawaida ilistahimili rifampisini. Dawa imebadilika, na dozi pia.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa omena anayemeza TLD saa mbili asubuhi. Anaanza matibabu ya TB tarehe 3 Machi. Kuanzia siku hiyo, dolutegraviri ya ziada ni saa mbili usiku. Hapo ndipo penye shida, maana saa hiyo taa za omena zimeshawashwa na yeye yuko ziwani. Anaweza kubeba kidonge hicho kimoja katika kijichupa kikavu kisichoingiza maji, au kuzungumza na mhudumu wake kuhusu kuhamisha saa zote mbili, mradi ziachane kwa takriban saa 12. Akisahau, ameze mara anapokumbuka, isipokuwa dozi inayofuata iwe imebakisha chini ya saa nne. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Matibabu ya kawaida ya TB huchukua majuma 24, hivyo kidonge chake cha mwisho cha TB kitakuwa tarehe 17 Agosti. Lakini kidonge cha usiku hakiishi siku hiyo. Ini huchukua takriban majuma mawili kutulia baada ya rifampisini kukoma, kwa hiyo ataendelea nacho hadi tarehe 31 Agosti, kisha atabaki na TLD yake ya asubuhi.

Hatari kubwa ni mvuvi kufuata samaki hadi ufuo mwingine katikati ya matibabu. Kliniki mpya ikiona TLD tu kwenye kadi, itampa TLD tu. Hatahisi lolote: kikohozi kitazidi kupungua na uzito utaongezeka, huku virusi vikipata nafasi ya kuzaana na kuzoea dawa. Kipimo cha kiwango cha virusi ndicho kinachofichua hali hiyo. Kwa hiyo abebe barua ya uhamisho inayotaja dawa zote, na chupa zote mbili.

Wanawake wana jambo la ziada. Rifampisini hupunguza pia homoni za kipandikizi cha mkononi na za vidonge vya kupanga uzazi, na mimba zimewahi kuingia kipandikizi kikiwa bado mahali pake. Sindano ya miezi mitatu na koili ya shaba hazidhoofishwi hivyo. Anayeanza dawa za TB amweleze mhudumu njia anayotumia siku hiyo hiyo, asingoje kliniki ya uzazi. Hadi apate njia nyingine, atumie kondomu.

Vidonge vya madini ya chuma, vya kalshiamu na vya kiungulia pia huzuia dolutegraviri kufyonzwa tumboni. Anayevitumia amuulize mfamasia avimeze saa ngapi.