Anzia Kwenye Sentensi, Malizia na Alfabeti

Prufu ya kijitabu cha msamiati ikitoka kwa mchapaji, wengi wetu huanza kuikagua kwa alfabeti. Tunashuka na safu ya kushoto, neno kwa neno, kuhakikisha kwamba kila moja limekaa mahali pake. Kazi hiyo ni rahisi na inatuliza moyo, lakini kuianza mapema ni kupoteza muda. Alfabeti ikaguliwe mwisho. Cha kwanza kukaguliwa ni sentensi za mifano.

Sababu yake iko katika umbo la ingizo lenyewe. Pana kidahizo, yaani neno linaloelezwa. Pana kifupisho cha aina ya neno, kwa mfano nm kwa nomino, kt kwa kitenzi, kv kwa kivumishi na kl kwa kielezi. Kisha pana maana na sentensi. Sentensi isipopatana na kifupisho, kimojawapo lazima kibadilishwe. Kifupisho kikibadilika, mara nyingi umbo la kidahizo nalo hubadilika, na umbo likibadilika neno huhama, pengine hata kwenda ukurasa mwingine. Aliyetangulia kupanga alfabeti atalazimika kuipanga upya.

Tuchukue maingizo manne ya mfano kutoka kijitabu cha wanaoanza kujifunza Kiswahili:

paa, nm, sehemu ya juu ya nyumba. *Paa wawili wanakula majani.*
pika, kt, andaa chakula motoni. *Mpishi wetu amefika mapema.*
panga, nm, chombo cha kukatia. *Tumepanga chumba karibu na soko.*
pole, kv, enye tabia ya utulivu. *Pole sana kwa msiba.*

Ukisoma haraka kutoka kushoto kwenda kulia, yote yanaonekana safi, kwa sababu jicho likishaona kidahizo na maana yake huisamehe sentensi. Kwa hiyo ziba upande wa kushoto kwa karatasi, ibaki sentensi peke yake. Isome, kisha andika pembeni kwa penseli neno linalofundishwa ni la aina gani na lina maana gani hapo. Ukimaliza ukurasa mzima, ondoa karatasi na ulinganishe.

Katika ingizo la kwanza, upatanisho wa kisarufi unatoa jibu mara moja. *Wawili wanakula* ni viumbe hai, kwa hiyo huyu ni paa wa porini. Paa la nyumba lingesema *linavuja*, na wingi wake ungekuwa mapaa. Hapa pana maneno mawili yaliyobanwa katika ingizo moja. Yatenganishwe kwa namba, paa 1 na paa 2, kila moja na sentensi yake. Kama kijitabu kinafundisha pia kupaa angani, kitenzi hicho ni ingizo la tatu. Kosa la panga ni la namna hiyohiyo: *tumepanga* imebeba nafsi na wakati, mambo ambayo nomino haibebi. Hiyo sentensi ni ya kitenzi, na panga la kukatia bado halijapata mfano.

Upatanisho una mpaka wake, lakini. Mto wa maji na mto wa kulalia ni wa ngeli moja, vyote *umo* na *imo*. Sentensi kama *Mto huu ni mkubwa* itapita kila kipimo cha sarufi na bado haitamwambia mwanafunzi ni mto upi. Hapo msahihishaji hana njia ila kusoma maana, na kuandika kitu kama *Mto umefurika baada ya mvua*.

Ingizo la pika lina kosa ambalo waalimu wazoefu ndio hulifanya zaidi, kwa kuwa wao wanauona mzizi. Mpishi ametokana na pika, hilo ni kweli. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Johnson, ya mwaka 1939, iliweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wake. Lakini anayeanza hajaujua mzizi bado. Anatafuta herufi p-i-k-a ndani ya sentensi, na katika *mpishi* hazimo. Mfano wa kwanza wa kitenzi unapaswa kukionyesha kikiwa kizima: *Baba anapika wali.* Viambishi vya mwanzo havisumbui. Viambishi vya mwisho, kama katika *kimepikwa* au *nipikie*, vingoje maingizo yake. Kwa sababu hiyo hiyo, *Njoo hapa* haifai kuwa mfano pekee wa kitenzi ja, ingawa kwa maana ni sahihi kabisa.

Sasa pole. Kifupisho kinasema kivumishi, na maana iliyoandikwa ni ya kivumishi, ila *Pole sana kwa msiba* ni kihisishi, neno la kumfariji mtu. Kivumishi chenyewe ni -pole, kinachoandikwa kwa kistari kwa sababu hubadilika kufuata nomino: mtu mpole, watu wapole. Ukiongeza polepole, ambacho ni kielezi, unapata maingizo matatu pale palipokuwa na moja. Mwanafunzi anayekariri ingizo lile kama lilivyo ataweza kusema *mtu pole*, na kosa litakuwa letu.

Baada ya sentensi, pitia vifupisho kwa makundi badala ya kurasa: vivumishi vyote kwanza, halafu vielezi, na kadhalika. Kundi likiwa pamoja, mgeni hujionyesha. Kipimo cha kivumishi kinachochukua viambishi ni kukiweka baada ya nomino za ngeli mbili tofauti uone kama kitabadilika. Neno vizuri ndilo la kuangaliwa sana. Katika *Anaimba vizuri* ni kielezi. Katika *Amenunua vitabu vizuri* ni kivumishi -zuri kilichovaa vi- ya vitabu, na jibu utalipata ukibadilisha nomino: *kalamu nzuri*. Palipo na shaka, chagua kamusi moja, kwa mfano Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mara ya kwanza na TUKI mwaka 1981, na uifuate mpaka mwisho. Kamusi hazikubaliani katika kila kifupisho, na kuchanganya mbili kunaleta kijitabu kinachojipinga.

Ndipo alfabeti ifuate. Maingizo yetu sasa yanasomeka paa 1, paa 2, panga 1, panga 2, pika, pole, -pole, polepole, na unaona kwamba pika, iliyokuwa mbele ya panga, imerudi nyuma. Kistari cha -pole hakihesabiwi. Neno linapangwa kwa p. Vitenzi viandikwe bila ku-, la sivyo vyote vitajazana kwenye k.

Mtego mkubwa ni ng'. Ukipuuza ritifaa, mfuatano ni ngoma, ng'ombe, ngome. Lakini programu inayopanga kwa namba za herufi tu huiweka ritifaa iliyonyooka kabla ya herufi zote, na ng'ombe anatangulia ngamia. Ritifaa ikiwa ya kupinda, ng’ombe anaangukia baada ya nguzo. Kijitabu chenye ritifaa za aina zote mbili kitakuwa na ng' mahali pawili, kwa hiyo zifanye ziwe za aina moja kabla ya kupanga, kisha ukague sehemu hiyo kwa macho.

Kama mchapaji amekupa siku moja tu, itumie yote kwenye sentensi. Ng'ombe aliyekaa mistari mitatu juu ya mahali pake bado ataonekana na anayemtafuta. Sentensi isiyo ya neno lake itakaririwa hivyo hivyo.