Kitanzi Kinachoufichua Moyo

Chukua grafu: mhimili wa chini ni ujazo wa damu katika ventrikali ya kushoto, wa wima ni presha. Mpigo mmoja wa moyo huchora humo kitanzi kinachozunguka kinyume na mishale ya saa.

Anzia pembe ya chini kulia. Ventrikali imejaa, tuseme mililita 120, na vali ya mitrali inajifunga. Msuli unakaza huku vali zote mbili zimefungwa, hivyo presha inapanda na ujazo haubadiliki. Ikikaribia 80, vali ya aota inafunguka na damu inasukumwa nje, mpaka inapojifunga tena, presha ikiwa 100 na damu iliyobaki mililita 50. Kisha presha inaporomoka, mitrali inafunguka, ventrikali inajaa upya. Upana wa kitanzi, yaani 120 kutoa 50, ndio damu iliyotoka: mililita 70.

Pembe ya kuangalia zaidi ni ya juu kushoto, pale vali ya aota inapofungwa. Katika miaka ya 1970, Hiroyuki Suga na Kiichi Sagawa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwa mioyo ya mbwa kwamba, nguvu ya msuli isipobadilika, pembe hiyo hutembea juu ya mstari mmoja unaokaribia kunyooka. Mwinuko wa mstari ndio kipimo cha nguvu yenyewe.

Tuseme mstari wetu unaanzia mililita 10 na kila mililita inayoongezeka unapanda presha 2.5. Mgonjwa akiongezewa maji ya dripu, ventrikali ikajaa hadi 140 na presha ya mwisho ikabaki 100, hubaki zilezile 50, na zinatoka 90. (Mwilini presha nayo hupanda kidogo, kwa hiyo faida hupungua.) Sasa rudisha ujazo 120, lakini mishipa ibane hadi presha ya mwisho iwe 120. Pembe inapanda mstari, hubaki 58, zinatoka 62 tu.

Moyo dhaifu ndio unaoshangaza. Mwinuko wake ukiwa 1, kwa presha ileile ya 100 hubaki mililita 110. Ili utoe 70 inabidi utanuke hadi 180. Ukitazama damu inayotoka peke yake, utadhani ni mzima. Lakini presha ikiongezeka kwa 20, mpigo unashuka kutoka 70 hadi 50, ilhali moyo wenye nguvu ulipoteza 8 tu. Ikipungua kwa 20, dhaifu unapanda hadi 90. Hii ni sababu mojawapo ya madaktari kuwapa wenye moyo dhaifu dawa za kulegeza mishipa, badala ya kuuchapa msuli uliochoka.

Kitanzi kamili huhitaji katheta iingizwe ndani ya ventrikali. Ndiyo maana kliniki nyingi hutumia altrasaundi kupima ujazo na kipimo cha mkononi kupima presha.