Kipimo Kikisema "Leo", Mwili Ukagoma

Mke amepima mkojo kwa kile kijiti cha homoni ya LH kinachouzwa famasi. Mstari wa pili umekolea sawasawa na wa kwanza, maana yake yai linatarajiwa kutoka ndani ya saa 24 hadi 36. Anamwandikia mumewe aliyeko kazini: "Baba, usichelewe leo." Usiku mume anafika, mapenzi yapo, hamu ipo, lakini uume hausimami. Au unasimama, kisha unalegea katikati. Mke anageukia ukutani akilia kimya, kwa sababu kwa hesabu zake mwezi mzima umepotea.

Wanaohangaika kupata mtoto wengi wanaujua usiku huu, ila wachache huusema. Mke hujiuliza kama hapendwi tena, au kama kuna mwanamke mwingine. Mume huona amegeuzwa kuwa wa kutoa mbegu tu. Mwezi unaofuata hofu inaanza hata kabla ya kipimo, na baadhi ya wanaume huanza kutafuta ugomvi au safari siku hizohizo zifikapo.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Ili uume usimame, mishipa yake lazima ilegee, damu iingie kwa wingi na kubaki humo. Neva zinazoongoza kazi hiyo hufanya kazi vizuri mtu akiwa ametulia. Akishikwa na wasiwasi, mwili humwaga adrenalini, nayo huibana mishipa ileile iliyotakiwa kulegea. Mume anaacha kumhisi mkewe na kuanza kujikagua: umesimama? Utadumu? Kadiri anavyojikagua ndivyo wasiwasi unavyozidi. Kujilazimisha hakusaidii hapo.

Dalili kubwa kwamba chanzo ni shinikizo ni kwamba uume bado unasimama wenyewe alfajiri, na tendo linakwenda vizuri siku ambazo hakuna kipimo. Lakini kama tatizo limekuja polepole, lipo siku zote, na hata alfajiri hakuna kitu, huyo apimwe sukari na presha, na amweleze daktari dawa zote anazotumia. Uume kushindwa kusimama huweza kuwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa mishipa ya damu, hivyo si jambo la kuonea aibu likakaa miaka.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya "mwezi umepotea", kwa sababu mara nyingi si kweli. Yai huishi chini ya siku moja baada ya kutoka, lakini mbegu za mume zinaweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mke. Tuchukue mke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 na yai lake linatoka siku ya 14. Siku zake za kushika mimba zinaanza takriban siku ya 9. Wakikutana siku ya 10 na ya 12, kisha siku ya 14 mume akashindwa, mbegu za siku ya 12 huenda bado ziko njiani zikilingoja yai. Siku mbili za kabla ya yai kutoka ni miongoni mwa siku bora kabisa. Kwa hiyo wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima hawahitaji usiku mmoja wa mtihani. Nyumba nyingine hupata nafuu mke akipima bila kumtangazia mume, mradi wamekubaliana hivyo.

Hilo lisipotosha, daktari anaweza kuandika sildenafili, ambayo humezwa takriban saa moja kabla. Haisimamishi uume bila hamu, na ni hatari kubwa kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Vumbi la Kongo na unga mwingine wa mitaani siushauri hata kidogo: hakuna ajuaye kipimo chake, na dawa za aina hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na sildenafili kwa siri.

Ipo pia njia isiyohitaji uume kusimama ndani ya uke: mume anatoa mbegu kwenye kikombe safi, na mke anaziingiza ukeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kujua tu kwamba njia hii ipo huwapunguzia wengi hofu. Mate na vilainishi vingi vya dukani viepukwe, maana hudhoofisha mbegu.

Na kwako mume unayetafuta mtoto: usikubali kuchomwa sindano ya testosteroni ili "kuongeza nguvu". Homoni hiyo ikitoka nje, ubongo huamuru korodani zipunguze au ziache kutengeneza mbegu, na huchukua miezi mingi kurudi.