Namba ya kiti kwenye karatasi ya oda

Wateja watano wanamaliza kula, mmoja anamwita mhudumu: "Dada, sisi kila mtu analipa chake." Mhudumu anakwenda kaunta na karatasi yenye orodha ndefu ya vyakula, lakini haionyeshi nani aliagiza nini. Maswali yanaanza: juisi mbili zilikuwa za nani? Nyama mlikula wote? Keshia anajumlisha, anakata, anajumlisha tena, huku meza nyingine zikisubiri. Kosa hapa halikufanyika kaunta. Lilifanyika pale mhudumu alipochukua oda bila kuandika namba za viti.

Utaratibu wenyewe hauhitaji mashine. Kila meza ina namba, na kila kiti cha meza hiyo kina namba pia, ingawa haijaandikwa popote. Wahudumu wote wanakubaliana alama moja isiyohama, kwa mfano mlango mkuu. Kiti kilicho karibu zaidi na mlango ni namba 1, na hesabu inaendelea kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa. Kukubaliana alama moja ni muhimu kuliko alama yenyewe, maana mara nyingi anayepeleka sahani siye aliyechukua oda. Mhudumu anayehesabu kuanzia pale aliposimama yeye anamwachia mwenzake kitendawili, na ndiyo maana sahani inafika mezani na mtu anaulizwa, "Wali samaki wa nani?"

Tuchukue meza namba 4 katika mgahawa wa Dar es Salaam, bei zikiwa za mfano. Kiti 1 ameagiza wali wa nazi na samaki kwa shilingi 9,000 na juisi ya embe ya 3,000. Kiti 2 anataka chipsi kuku, 8,000, bila pilipili, na maji ya 1,000. Kiti 3 ni ugali na mchicha, 5,000, na soda ya 1,000. Kiti 4 anaanza na soda tu, 1,000. Kiti 5 ni ndizi za kuchoma, 3,000, na soda ya 1,000. Kisha viti 3, 4 na 5 wanaagiza kilo moja ya mbuzi choma, 20,000, wale pamoja. Mbele ya kila mstari mhudumu anaandika namba ya kiti, na mbele ya mbuzi anaandika 3, 4, 5. Kabla hajaondoka anawasomea oda yote. Hapo ndipo pa kuuliza pia kama bili itakuwa moja au ya kugawana. Swali hilo linafaa zaidi watu wakiwa bado wanasubiri chakula kuliko wakiwa wamesimama kuondoka.

Oda hii haiendi sehemu moja. Vinywaji ni vya kaunta, wali na chipsi ni vya jikoni, na mbuzi ni wa jiko la mkaa. Ukimpelekea kila mmoja karatasi yote, mpishi atatafuta mistari yake katikati ya mistari isiyomhusu, na moja itamponyoka. Kwa hiyo kila sehemu ipate tiketi yake yenye namba ya meza, saa, jina la mhudumu na vitu vyake peke yake. Bei hazina kazi jikoni. Maelezo kama "bila pilipili" yaandikwe chini ya chakula kinachohusika, kwa herufi kubwa, yasitupwe mwishoni mwa karatasi ambako hayajulikani ni ya sahani ipi.

Tiketi ya mbuzi itangulie. Nyama choma huchukua muda mrefu kuliko chipsi, na mhudumu anayesubiri hadi meza nzima iamue ndipo apeleke kila kitu pamoja anawafanya wengine wamalize kula kabla nyama haijafika. Mpishi naye aandikiwe kwamba meza namba 4 ina choma, ili asikaange chipsi mapema zikapoa.

Wanaotumia kitabu cha nakala za kaboni wana faida moja kubwa: karatasi zina namba za mfululizo zilizochapwa. Nakala moja inaenda kwa anayeandaa oda, nyingine inabaki kwa keshia. Wanaotumia mashine za kuchapa wafahamu kwamba karatasi inayochapwa kwa joto hugeuka nyeusi ikikaa karibu na moto, kwa hiyo isitundikwe juu ya jiko.

Hatari kubwa ya meza hii inakuja baadaye. Kiti 1 anamshika mhudumu akipita: "Niongezee juisi nyingine." Mhudumu anatamka kaunta kwa mdomo, juisi inatoka, hakuna karatasi. Sasa bili inasoma 52,000 wakati vilivyoliwa na kunywewa ni vya 55,000. Katika migahawa mingi upungufu kama huo hukatwa kwenye mshahara wa mhudumu, na mimi naona si haki kumkata mtu kwa utaratibu ambao mwenye mgahawa hakuuweka. Kanuni iwe moja, na ibanwe kwa anayetoa kitu: pasipo tiketi, hakuna kinachotoka. Nyongeza iandikiwe tiketi mpya, "Meza 4, kiti 1, juisi ya embe 1, NYONGEZA". Isiandikwe juu ya tiketi ya kwanza, maana ile imeshafanyiwa kazi na hakuna atakayeisoma tena.

Ukifika wakati wa kulipa, viti vinajieleza vyenyewe. Kiti 1 ana 15,000 pamoja na juisi ya pili, na kiti 2 ana 9,000. Mbuzi wa 20,000 kwa watu watatu anatoa 6,666 na kitu, kiasi kisicholipika kwa sarafu. Keshia anafanya 6,700, 6,700 na 6,600. Kosa la kawaida hapa ni kuwaandikia wote 6,700, na kuwatoza wateja shilingi 100 ambayo haikuwemo kwenye bei. Kwa hiyo kiti 3 analipa 12,700, kiti 4 analipa 7,700, na kiti 5 analipa 10,600. Jumla ni 55,000, sawa na bili ya meza. Ulinganisho huo ufanyike kabla ya kupokea hata shilingi moja. Jumla zisipolingana, kuna mstari uliosahaulika au uliohesabiwa mara mbili.

Kama wangetaka kugawana sawa, kila mmoja angelipa 11,000, na aliyekula chipsi angeongeza 2,000 juu ya chakula chake. Mhudumu asiwachagulie njia hiyo kwa sababu tu ni rahisi kwake. Na kiti 4 akisema, "Na huyu kaka wa hapa namlipia mimi," hamisha kiti 3 kizima kwenda kwake, 20,400, usianze kuokota sahani moja moja.

Risiti ya EFD itolewe mgawanyo ukishakubaliwa, kwa sababu ikishatoka haifutwi kwa kukatwa kalamu. Bili ya meza nayo ibaki mkononi mwa keshia hadi mwisho, ikiwekewa alama kiti kwa kiti: huyu taslimu, yule kwa simu, na wa simu asiwekewe alama mpaka ujumbe wa malipo uingie kwenye simu ya mgahawa.

Namba za viti zina udhaifu mmoja: watu huhama. Mtu wa kiti 5 akisogea karibu na rafiki yake, namba yake inahama naye, na mhudumu aandike alama ndogo pembeni, kama "shati jekundu". Usiku, baada ya kufunga, tiketi zilizochomwa kwenye msumari wa jikoni zilinganishwe na nakala za kaunta kwa kufuata namba zao. Namba iliyopo kaunta na haipo jikoni ni oda ambayo huenda ililipwa bila kupikwa. Sahani ambayo mpishi anakumbuka kuitoa na haina karatasi popote ni ile iliyoagizwa kwa mdomo.