Bati lenye ethi bila RCCB bado linaweza kuua

Nyumba nyingi za Bariadi, Maswa na Meatu ni za bati, na mara nyingi nyaya za umeme hupita juu ya kenchi, sentimita chache tu chini ya bati lenyewe. Panya akitafuna plastiki ya waya, au msumari wa bati ukiupata waya uliopita pembeni ya mbao, paa zima linapokea umeme. Ndani hakuna kinachobadilika: taa zinawaka, LUKU inasoma, redio inaimba. Anayegundua ni fundi aliyepanda kuziba tundu, au mtoto anayeanua nguo kwenye waya uliofungwa kwenye msumari wa paa.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kuunganisha bati na ethi. Ni ushauri sahihi, ila ni nusu ya kazi, na nusu hiyo ikifanywa peke yake inaweza kuongeza hatari.

Tuchukue nyumba ya mfano mjini Bariadi, kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambayo waya wake wa ethi unaishia kwenye rodi ya mita 1.2 iliyochimbiwa uani. Masika, udongo ukiwa umelowa, ukinzani wa rodi hiyo unaweza kuwa omu 30 hivi. Tuseme ethi ya transfoma ina omu 10. Waya wa moto ukigusa bati lililofungwa ethi, volti 230 zinapita kwenye omu 40, na mkondo unakuwa chini kidogo ya ampea 6. Saketi breka ya ampea 10 haishtuki kabisa. Kwake huo ni mzigo wa kawaida. Bati linabaki na volti 170 hivi, saa baada ya saa.

Kiangazi hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu mbuga hupasuka na kuachana na rodi. Walioko kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa miinuko ya Usukuma, wanaweza kukuta omu 200 au zaidi, na hapo bati linakaribia volti zote 230.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Bati likishaunganishwa na ethi ya nyumba, hitilafu ya friji au pasi nayo inapanda hadi kwenye paa, madirisha ya nondo na mlango wa chuma. Hitilafu iliyokuwa ya kifaa kimoja sasa ni ya nyumba nzima.

Kinachokamilisha kazi ni kifaa kinachofungwa karibu na mein swichi, chenye maandishi RCCB na 30 mA. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa ampea 0.03 tu, kinakata mara moja. Hata ile rodi ya omu 200 inapitisha zaidi ya ampea 1, kiasi kinachozidi kwa mbali kile cha kukishtua. Kwa hiyo utaratibu ni huu: RCCB kwanza, ndipo bati lifungwe.

Kwenye kulifunga, rangi ya bati ndiyo inayowadanganya wengi. Fundi akwangue hadi chuma king'ae, abane waya wa shaba wa milimita 6 za mraba kwa boliti, washa na kishikio kilichopakwa madini ya bati, kwa sababu shaba tupu ikilala kwenye zinki hula zinki hiyo mvua inaponyesha. Mabati yaliyopakwa rangi hayagusani vizuri kila mahali, hivyo apime kwa mita kutoka kona moja ya paa hadi nyingine, na aunganishe kipande chochote kilichojitenga. Fremu za milango, nondo na bomba la chuma la maji ziingie kwenye waya huohuo wa kijani na njano, ili anayeshika viwili kwa pamoja asikute tofauti ya volti.

Kitufe cha T kwenye RCCB kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu. Kikikata, kifaa ni kizima, lakini hilo halithibitishi kwamba rodi inafanya kazi. Rodi inahitaji kipimo chake, na inafaa kipimwe mwishoni mwa kiangazi, wakati iko katika hali yake mbaya kabisa.

Umeme mmoja RCCB haiuoni kabisa: ule wa kebo itokayo kwenye nguzo kabla haujafika kwake. Upepo ukiisugua kebo hiyo kwenye ncha ya bati hadi plastiki iishe, hakuna kitu ndani ya nyumba kitakachokata, na anayesimama uani kwenye tope akigusa paa hana kinga. Hapo kinga ni kebo kushikiliwa mbali na bati tangu mwanzo. Ukiiona imelalia bati, usiisogeze kwa mti wala kwa mkono. Waite TANESCO, na waya wa kuanikia nguo uhamishiwe kwenye nguzo mbili za mbao zilizo mbali na nyumba.